Faili inayojiita PDF/A: jinsi ya kuitoa na kujua kama haidanganyi

Dada mmoja, katibu wa ushirika wa wauza unga hapa Kamalondo, Lubumbashi, alirudi kwenye kiofisi changu cha kuchapa akiwa na kle ya USB mkononi. «Yaya, ile fishie balirudisha. Banasema haiko PDF/A.» Ilikuwa statuti ya ushirika wao, kurasa 34, niliyomtolea wiki moja kabla. Mfadhili wao aliomba PDF/A-2b na mimi ndiyo niliyompa. Nikaifungua mbele yake kwa Adobe Reader, na juu ya ukurasa ukatokea ule ukanda wa bluu unaotangaza kwamba faili inafuata PDF/A. Akauangalia, kisha akaniangalia mimi. «Sasa nani anasema bongo?»

Bongo kwetu ni uongo. Na aliyesema bongo siku ile hakuwa mfadhili. Ilikuwa faili yenyewe, na aliyeiharibu ni mimi. Nitaeleza nilivyoiharibu tukifika huko. Kwanza tuione njia iliyonyooka.

Tangazo na ukweli

PDF ya kawaida inaruhusiwa kutegemea vitu vilivyo nje yake. Inaweza kusema «andika hapa kwa Helvetica» bila kuibeba Helvetica, ikitumaini kwamba mashini itakayoifungua itakuwa nayo, au itakuwa na kitu cha kufanana nayo. Leo inafunguka vizuri, lakini baada ya miaka ishirini, kwenye mashini nyingine, herufi zinaweza kubadilika au kupotea.

PDF/A, yaani ISO 19005, ni PDF ileile iliyowekewa masharti. Kila fonti inayoonekana kwenye ukurasa iwe ndani ya faili. Rangi zielezwe kwa namna isiyotegemea skrini wala printa fulani. Nenosiri limekatazwa, programu ndogo za JavaScript zimekatazwa, video na sauti pia. (Hapa mjini fonti tunaiita «polisi», kwa Kifaransa, kwa hiyo ukinisikia nikimwambia mteja kwamba polisi haikuingia ndani, usishtuke.)

Juu ya hayo, faili lazima ibebe tangazo ndani ya maelezo yake kwamba yenyewe ni PDF/A, sehemu gani na ngazi gani. Ukiwa na zana za Poppler kwenye Linux unaweza kulisoma kwa `pdfinfo -meta statuti.pdf`. Kwa 2b utakuta kitu kama hiki:

```
<pdfaid:part>2</pdfaid:part>
<pdfaid:conformance>B</pdfaid:conformance>
```

Ni mistari miwili ya maandishi, basi. Ukanda wa bluu unasoma mistari hii tu, hauchunguzi kitu kingine. Programu yoyote inaweza kuiandika, na faili ikiharibiwa baadaye hakuna anayekuja kuifuta.

Hatua ya kwanza: chagua 2b, usipoambiwa vingine

Namba inataja sehemu ya kiwango, herufi inataja ngazi. Sehemu ya 1 ni ya mwaka 2005 na haikubali uwazi: nembo ambayo mandhari yake ya nyuma hayana rangi, au maandishi hafifu yanayopita nyuma ya ukurasa, huko ni kosa. Sehemu ya 2, ya mwaka 2011, inakubali. Sehemu ya 3, ya mwaka 2012, inafanana na ya 2 ila inakuruhusu kuambatisha ndani yake faili ya aina yoyote, kwa mfano jedwali la hesabu. Ile ya 2 inakubali viambatisho ambavyo navyo ni PDF/A tu. Ipo na ya 4, ya mwaka 2020, lakini sijakutana na ofisi hapa inayoidai.

Ngazi ya b inadai kwamba ukurasa uonekane uleule siku zote. Ya u inaongeza kwamba herufi ziweze kutafutwa na kunakiliwa bila kugeuka alama za ajabu. Ya a inadai pia muundo wa hati, vichwa na aya na majedwali, uwe umewekewa alama. Mtu akikuomba a, muulize kama kweli anaihitaji, maana alama hizo zinataka mtu wa kuzikagua moja moja.

Hatua ya pili: toa kutoka kwenye hati yenyewe

Fungua hati ya asili, ile ya `.odt` au `.docx`. Usianzie kwenye PDF iliyokwisha kutolewa kama asili bado unayo.

Kwenye LibreOffice ya Kifaransa ingia `Fichier`, kisha `Exporter vers`, kisha `Exporter au format PDF`. Katika ukurasa wa kwanza wa dirisha linalofunguka, tafuta kisanduku chenye maandishi `PDF/A` na `ISO 19005`. Kiweke alama, halafu kwenye orodha ya pembeni chagua `PDF/A-2b`. Ndipo utoe. Kile kitufe cha PDF kilicho kwenye upau wa juu kiache: hakikuulizi chochote.

Kwenye Word, `Enregistrer sous`, chagua PDF, bonyeza `Options`, na humo kuna kisanduku kimoja chenye neno PDF/A. Word haikupi orodha ya kuchagua sehemu, kwa hiyo utajua ni ipi wakati wa kukagua. Ukichapa kwa `Microsoft Print to PDF` utapata PDF ya kawaida, hata ukiipa jina zuri namna gani.

Kabla ya kutoa, pitia hati uone kama kila kitu kinachotakiwa kimo: namba za kurasa, tarehe, neno COPIE kama linatakiwa. Yote yaingie sasa, kabla ya PDF kuzaliwa. Sharti hili ndilo nililolivunja.

Hatua ya tatu: kagua kwa veraPDF

veraPDF ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, chini ya Open Preservation Foundation na PDF Association. Inapitia faili sharti kwa sharti. Inahitaji Java, kwa hiyo anza na hiyo. Kisha pakua zipu ya veraPDF, ifungue, na uendeshe `verapdf-install.bat` kwenye Windows au `verapdf-install` kwenye Linux. Ukishaiweka haihitaji tena intaneti. Mimi nimeihifadhi zipu hiyo kwenye kle, naiweka kwenye mashini ya mtu hata siku ambayo mtandao umelala. Jambo lingine ninalolipenda ni kwamba karatasi za watu hazitoki nje ya mashini. Kuna tovuti zinazokagua PDF/A, lakini hati ya kiwanja cha mtu sitaipandisha huko.

Asiyependa kuandika amri afungue `verapdf-gui`, achague faili, achague ngazi, kisha abonyeze `Execute`. Anayependa amri aandike hivi:

```
verapdf -f 2b --format text -v statuti.pdf
```

Jibu linaanza na `PASS` au `FAIL`, kisha jina la faili na ngazi iliyotumika kukagua.

Hapo kwenye `-f 2b` pana mtego. Usipoiandika, veraPDF inasoma lile tangazo la ndani na kuikagua faili kwa kiwango inachojidai. Hilo ni zuri kwa faili ya Word usiyoijua ni sehemu gani. Lakini kama faili haina tangazo kabisa, inakaguliwa kwa 1b, na unaweza kupata rundo la makosa yasiyohusiana na ulichoombwa. Kinyume chake nacho kipo: uliombwa 2b, faili inajitangaza 3b, unapata `PASS` safi, unaituma, inarudishwa. Ukiwa unajua ulichoombwa, kitaje, na utazame mwisho wa mstari wa jibu.

Hatua ya nne: soma kosa, usikisie

Nirudi kwenye statuti. Niliitoa vizuri kutoka LibreOffice kama 2b. Kisha dada akasema mfadhili anataka neno COPIE na tarehe juu ya kila ukurasa. Hati ya asili ilikuwa kwenye mashini nyingine na umeme ulikuwa umekatika upande ule, basi nikatumia kiprogramu kidogo cha kugonga maandishi juu ya PDF. Dakika mbili, kurasa zote 34. Nikafungua, nikauona ukanda wa bluu, nikamwekea kwenye kle. Kukagua sikukagua.

Siku aliporudi ndipo nikakagua:

```
FAIL /home/ofisi/statuti-copie.pdf 2b
  FAIL 6.2.11.4.1-1
```

Namba hiyo ni kifungu cha kiwango chenyewe. Kifungu 6.2.11.4.1 cha sehemu ya 2 kinasema kwamba fonti zote zinazotumika kuonyesha maandishi lazima zipachikwe ndani ya faili. Kwa hiyo kuna fonti iliyoachwa nje. Ipi? Hilo `pdffonts`, iliyomo kwenye Poppler, inalijibu mara moja. Hapa nimepunguza safu zisizotuhusu:

```
name                         type      emb
BAAAAA+LiberationSerif       TrueType  yes
CAAAAA+LiberationSerif-Bold  TrueType  yes
Helvetica                    Type 1    no
```

Safu ya `emb` ndiyo ya kutazama. Fonti mbili za kwanza ni za hati yangu, zimo ndani. Zile herufi sita kabla ya alama ya kujumlisha zinaonyesha kwamba zimebebwa zile herufi zilizotumika tu, si fonti nzima, na hilo linakubalika. Helvetica sikuiandika mimi popote. Imeletwa na kiprogramu cha muhuri.

Kwa nini hakikuipachika? Kwa sababu PDF tangu zamani ina fonti 14 zinazohesabiwa kuwa kila programu inazo: Helvetica, Times, Courier na ndugu zao. Zana nyingi ndogo hutumia hizo bila kuzibeba, na kwa PDF ya kawaida si kosa. Kwa PDF/A msamaha huo haupo, hata fonti hizo 14 lazima ziwe ndani. Neno moja lenye herufi tano, na kurasa 34 zikakosa sifa, huku tangazo likiendelea kutangaza.

Kosa hili la fonti ndilo ninalokutana nalo zaidi. Ukiona 6.2.4.3, hiyo ni rangi: faili inatumia rangi za kifaa bila kubeba maelezo ya rangi hizo. Ukiona 6.6.4, lile tangazo halipo au halisomeki. Mbili hizi zikija pamoja, mara nyingi maana yake ni nyepesi: faili haijawahi kuwa PDF/A, mtu alisahau kuweka alama kwenye kisanduku. Kumbuka tu kwamba namba hizi ni za sehemu ya 2. Sehemu ya 1 ina mpangilio mwingine wa vifungu.

Hatua ya tano: rekebisha kwenye shina

Dawa bora ni kurudi kwenye hati ya asili. Niliwasha mashini ile nyingine, nikafungua statuti kwenye Writer, nikaandika COPIE na tarehe kwenye sehemu ya juu ya ukurasa inayojirudia, nikatoa tena kama 2b, nikakagua: `PASS`. Ukitaka neno lipite kimshazari nyuma ya maandishi, Writer ina `Format`, `Filigrane`. Ni hafifu, linatumia uwazi, na ni sababu nyingine ya kupendelea sehemu ya 2 kuliko ya 1.

Kama asili imepotea, kuna njia ya pili. OCRmyPDF, ambayo kwa ndani inamtegemea Ghostscript, inaweza kuijenga faili upya:

```
ocrmypdf --skip-text --output-type pdfa-2 mbovu.pdf mpya.pdf
```

Hiyo `--skip-text` inaiambia iziache kurasa zilizo na maandishi tayari, isijaribu kuzisoma upya. Ghostscript atakapokuta Helvetica isiyopachikwa, ataazima fonti inayofanana nayo na kuipachika. Kwa Helvetica sina wasiwasi. Lakini kama iliyokosekana ni fonti ya pekee, tuseme ya alama za hesabu, kinachoazimwa kinaweza kuonyesha herufi tofauti kabisa, na veraPDF itasema `PASS` bila haya, kwa sababu kweli kuna fonti ndani. Basi fungua ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, ulinganishe kwa macho, hasa majedwali na herufi zenye alama za Kifaransa.

Kama faili ina sahihi ya kidijitali, simama hapo. Kuijenga upya kunaiua sahihi. Mpangilio ni kuigeuza kwanza, kuikagua, kisha mwenye kusaini asaini, na baada ya sahihi uikague tena.

Karatasi zilizoskaniwa

Hapa maneno ni machache. PDF kutoka kwenye skana au kwenye simu ni picha tupu. Fonti hazina tatizo kwa kuwa hazimo, kinachokosekana ni maelezo ya rangi na tangazo. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, kisha:

```
ocrmypdf -l fra+swa --rotate-pages --deskew \
  --output-type pdfa-2 skani.pdf skani-2b.pdf
```

Itazigeuza kurasa zilizolala, itanyoosha zilizopinda, itasoma maandishi ya Kifaransa na Kiswahili na kuyaweka chini ya picha ili yaweze kutafutwa. Vifurushi vya lugha vya Tesseract, programu ambayo OCRmyPDF inaitumia kusoma maandishi kwenye picha, yaani `fra` na `swa`, viwe vimewekwa kabla, la sivyo itakataa. Kisha ikague kwa veraPDF kama faili nyingine yoyote.

Asichokiona mkaguzi

veraPDF haisomi hati yako. Ukurasa ulioskaniwa kichwa chini unapita. Ukurasa wa 17 uliosahauliwa kwenye skana hauonekani kwake. OCR, yaani ule usomaji wa maandishi kutoka kwenye picha, ikisoma «1.000» kama «1.600» inapita vilevile, maana kwa ngazi ya b kinacholindwa ni sura ya ukurasa, si usahihi wa maneno yaliyo chini yake. Kazi hiyo ni ya macho: hesabu kurasa za karatasi, hesabu za faili, fungua chache katikati.

Baada ya `PASS`

Faili iliyopita usiiguse tena. Kuiunganisha na nyingine, kuipunguza uzito, kuongeza namba za kurasa au kuiwekea nenosiri kunaweza kuiharibu, kama muhuri wangu ulivyofanya. Ili kujua baadaye kama kuna aliyeigusa, chukua alama yake ya SHA-256 mara tu inapopita. Kwenye Linux ni `sha256sum statuti.pdf`. Kwenye Windows:

```
certutil -hashfile statuti.pdf SHA256
```

Nakili mstari unaotoka kwenye faili ndogo ya maandishi iliyo kando yake. Hata kitu kimoja kikibadilika ndani ya PDF, mstari hautafanana tena.

Na kama una folda nzima ya zamani, ikague yote kwa mara moja:

```
verapdf -f 2b --format text -r folda-ya-wateja
```

Nilifanya hivyo jioni ileile, baada ya dada kuondoka na statuti yake mpya. Kila faili niliyokuwa nimeipiga muhuri kwa kile kiprogramu ilirudisha `FAIL`, na zote bado zilikuwa na ukanda wa bluu. Nikakifuta kiprogramu, nikachukua daftari la wateja na kuanza kupiga simu.